Hujasafisha, si hukusafisha: ujumbe wa zamu kwenye floo ya hosteli

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, nilibandika karatasi kwenye mlango wa mabafu ya floo yetu. Juu niliandika kwa kalamu nyekundu WASIOFANYA ZAMU. Chini yake yalikuwa majina manne, namba za vyumba vyao na tarehe walizokosa. Nikaipiga picha, nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la floo. Nilikuwa mwakilishi wa floo, wiki tatu mfululizo nilikuwa nimesugua vyoo karibu peke yangu, na hasira ilikuwa imenifika hapa. Ndani ya saa moja watu walitoka na ndoo. Vyoo vikang'aa. Nikaamini nimepata dawa.

Karatasi ile ilikaa mlangoni siku mbili. Jumatatu matroni akapita kukagua bomba lililokuwa likivuja, akasimama, akaisoma. Jina la pili lilikuwa la chumba namba 9. Akaenda kugonga ili azungumze na mwenye jina, akamkuta msichana mwingine kabisa. Mwenye jina alikuwa akikaa kwa shangazi yake Mbagala tangu muhula uanze, na kitanda chake alikuwa amemwachia mwenzake wa kozi aliyekosa nafasi. Ni sura mojawapo ya kile wanafunzi wanachokiita kubebana, na kwa kanuni za hosteli ile lilikuwa kosa la kunyang'anywa kitanda. Matroni alikuwa mtu mwema. Aliwaita wote wawili ofisini, jina likabadilishwa kwenye daftari, yakaisha. Lakini yangeweza kuisha kwa binti wa watu kulala nje katikati ya muhula, kwa sababu ya zamu ya vyoo.

Na zamu yenyewe hakuikwepa. Ujumbe wangu wa ratiba ulikuwa ukienda kwenye simu ya aliyeko Mbagala. Huyu aliyelala chumbani hakuwemo kwenye kundi. Hata angekuwemo, kusimama koridoni na dekio mchana kweupe kungekuwa kujitangaza. Mimi nilimwandika mvivu mtu ambaye sikujua hata jina lake.

Tangu siku ile nimefikiri sana kuhusu namna ya kuandika ujumbe wa zamu, na bado napokea maswali kutoka kwa wadogo zangu walioko vyuoni, hasa pale wanapochaguliwa kuwa wawakilishi. Wote huanza na swali lilelile: dada, hawa wasiofanya zamu niwafanyeje? Jibu langu huanzia mbali kidogo na wao. Huanzia kwenye sarufi.

Kiswahili kina silabi moja inayofanya kazi kubwa hapa. Ukimwambia mtu "hukusafisha", umefunga hesabu. Tendo limepita, halikufanyika, kilichobaki ni hukumu. Ukimwambia "hujasafisha", umesema kazi ipo na bado inamsubiri yeye. Katika "-ja-" kuna "bado" hata kama hukuitamka. Na ukiiondoa nafsi kabisa ukasema "vyoo havijasafishwa", umeeleza hali ya vyoo, jambo ambalo kila mtu anaweza kwenda kulitazama kwa macho yake bila kumtazama mwenzake. Ujumbe wa zamu unaoandikwa kwa "-ja-" humwachia aliyekosa njia ya kurudi. Ule wa "-ku-" humwachia mawili tu: kujitetea au kujificha. Wengi hujificha, na aliyejificha hasafishi.

Najua wapo wanaodhani wameepuka kuaibisha kwa sababu tu hawakutaja jina. Wanaandika hivi: "Kuna watu humu wanajijua, wamezoea kufanyiwa usafi na wafanyakazi wa kwao, wenye masikio wasikie." Hicho ni kijembe, na kwenye floo ya vyumba kumi na viwili kijembe hakikosi mwenyewe. Kila mtu anahesabu, anajua jana ilikuwa zamu ya nani. Tena kinaumiza kuliko jina, maana aliyetajwa anaweza kujibu kwamba alikuwa mgonjwa, lakini aliyepigwa kijembe akijibu atakuwa amejitaja mwenyewe. Na wale waliofanya zamu zao vizuri nao hujiuliza kama ni wao wanaosemwa. Nimeona kundi zima likinyamaza wiki mbili kwa sentensi moja ya namna hiyo, na zamu zikazidi kulala.

Kwa hiyo ujumbe wenyewe uweje? Nitaeleza tulivyofanya sisi, kwa sababu hapo ndipo maneno yanapopata uzito.

Floo yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili, vyoo vinne, mabafu manne, karo moja la kufulia na korido ndefu. Wafanyakazi wa usafi walikuja Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili ilikuwa juu yetu. Zamu mbili kwa wiki kwa vyumba kumi na viwili maana yake kila chumba kinafikiwa mara moja katika wiki sita. Watu hulisahau jambo hili wanapolaumu. Kitu kinachomjia mtu mara moja katika wiki sita hakiwi mazoea, lazima akumbushwe. Ratiba ya muhula mzima iliyobandikwa siku ya kwanza husomwa siku ile ya kwanza tu.

Tukaamua ujumbe uende kila Ijumaa saa 1 jioni, kabla watu hawajapanga Jumamosi yao, na uwe na umbo lilelile kila wiki. Ulisomeka hivi:

"Habari za jioni. Kesho Jumamosi zamu iko chumba 7. Kazi ni vyoo, mabafu, karo na korido, kisha kushusha taka. Maji yanatoka mpaka kama saa 3 asubuhi, hivyo ni vizuri kuanza mapema au kujaza ndoo usiku huu. Dekio, brashi na dawa viko stoo, ufunguo uko chumba 2. Kama kesho haiwezekani, niandikieni tu neno 'badili' kwenye simu yangu leo kabla ya saa 4 usiku, sababu si lazima. Chumba 8 kitapokea, na ninyi mtachukua Jumapili yao."

Kila sentensi pale ina sababu yake, na karibu zote zilitokana na kukosea. Zamu "iko" chumba 7, haikuandikwa kwamba chumba 7 "wanatakiwa". Chumba kinatajwa kabla ya kazi, wakati kukitaja ni taarifa tu. Baada ya kazi kulala hakitajwi tena hadharani. Habari ya maji tuliiongeza baada ya kugundua kwamba baadhi ya vyumba nilivyoviandika vimekwepa vilikuwa vimeamka saa 4, vikakuta mabomba makavu, vikaona haya kusema. Ufunguo uliingia kwa sababu mtu mmoja alizunguka floo nzima akiutafuta, mwisho akarudi kulala.

Lakini neno lililofanya kazi kuliko yote ni "badili", pamoja na kile kisentensi kifupi kwamba sababu si lazima. Mwanzoni niliwadai watu sababu. Nikapata ambazo hazikuwa kweli, na zile za kweli sikuzipata. Msichana aliyeko kwenye siku zake na tumbo linamsokota hatakwambia hadharani. Aliyeishiwa na anakwenda kufanya kibarua cha Jumamosi kwa sababu bumu limechelewa hatakwambia. Wa chumba 9 hangekwambia kamwe. Ukimdai mtu sababu, unamwomba achague kati ya kujifunua na kutoonekana, naye atachagua kutoonekana. Nilipoacha kuuliza, watu wakaanza kubadilishana siku moja kabla, na zamu iliyobadilishwa si zamu iliyokosekana. Kuna aliyenionya kwamba mlango huo utatumiwa na wavivu. Kinga yake imo ndani ya ujumbe wenyewe: anayebadili anapewa siku nyingine papo hapo, na siku hiyo inatangazwa. Kazi imesogea, haikufutika.

Jambo jingine tuliloongeza ni maelezo ya kazi yenyewe, karatasi ndogo ndani ya mlango wa stoo. Ugomvi mwingi wa "wamefanya" na "hawajafanya" unatokana na watu kuwa na picha mbili za choo kisafi. Wengine kwao kumwaga maji na kupitisha dekio kunatosha. Wengine hawaridhiki mpaka nywele zimetolewa kwenye kichujio cha bafu. Tuliandika: mwaga dawa, iache dakika kumi, sugua kwa brashi chini ya ukingo, mwagia ndoo moja, toa nywele kwenye vichujio, deki sakafu ukianzia ndani kuja mlangoni. Chini kabisa kwa herufi kubwa tuliandika kwamba dawa ya choo yenye tindikali isichanganywe kamwe na ya klorini, maana zikikutana hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na kifua. Kuna dada wa mwaka wa kwanza alitoka bafuni akikohoa machozi yakimtoka, na tangu siku ile chumba chao kilikuwa kikiogopa zamu. Nilikuwa nimewaandika nao kwenye orodha yangu nyekundu.

Basi Jumamosi inafika, saa 4 inapita, vyoo viko vilevile. Hapa ndipo mwakilishi anapojaribiwa. Kidole kiko juu ya simu na hasira iko kwenye kidole. Sisi tulikubaliana kwamba kundini utaandikwa ujumbe mmoja tu, wa hali ya mambo na wa hatua inayofuata: "Vyoo na mabafu havijasafishwa leo. Maji yatarudi jioni, nitaanza vyoo saa 11. Nikipata wawili wa kunisaidia tutamaliza kabla ya giza." Hakuna chumba kilichotajwa, wala "kwa mara nyingine tena", wala nukta tatu za kuning'iniza maneno. Wa zamu anaujua ni wake, anaona kazi ipo, anaona saa, na anaona nafasi ya kuja bila kueleza chochote. Zaidi ya mara moja nimemkuta mwenye zamu keshafika saa 11 kabla yangu.

Asipokuja, unamwandikia peke yake, usiku uleule au kesho yake, hasira ikiwa imeshuka. "Za leo mdogo wangu. Leo sikuwaona, natumaini mko salama. Zamu yenu nimeiweka Jumatano jioni. Itawezekana, au Alhamisi ni bora zaidi?" Ukitazama, swali halimpi nafasi ya kujadili kama atafanya. Linampa siku mbili achague moja. Huo ni upole wenye mpaka. Kuna upole usio na mpaka, ule wa "si neno, usijali", nao ni kosa la upande wa pili, kwa sababu kazi hubaki, na anayeibeba huanza kuchukia watu kimyakimya mpaka siku atakapobandika karatasi nyekundu.

Wapo waliotaka faini. Shilingi elfu moja kwa kila zamu iliyokosekana, tununulie dawa. Ilionekana haki, na sikuwa na la kujibu wakati ule. Baadaye nilisoma utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, uliochapishwa mwaka 2000. Ulifanyika kwenye vituo kumi vya kulelea watoto mchana huko Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, ikawekwa faini ndogo katika baadhi ya vituo. Waliochelewa wakaongezeka badala ya kupungua. Na faini ilipoondolewa, hawakurudi walivyokuwa mwanzo. Zamani mzazi alichelewa huku akimwonea haya mwalimu anayemsubiri. Sasa alikuwa amenunua huduma. Kwenye floo ni vilevile, tena kuna ubaya wa ziada: mwenye pesa atalipa elfu yake na kulala, asiye nayo atasugua, na wote watajua nani ni nani. Hiyo nayo ni fedheha, ila imepitia mfukoni.

Swali gumu zaidi nililoulizwa lilitoka kwa dada wa chumba 4, mtu asiyekosa zamu hata siku moja. Aliniambia, "Unawalinda wasiofanya. Mimi je, nani ananiona?" Alikuwa na haki. Anayesafisha choo cha watu arobaini na nane anastahili kuonekana. Nikaanza kushukuru vyumba kwa majina kila Jumapili usiku: asanteni chumba 4, asanteni chumba 11. Wiki mbili tu, mtu akaniuliza mbona wiki hii hujashukuru chumba 6. Shukrani ilikuwa imegeuka orodha nyekundu iliyopinduliwa. Asiyetajwa alikuwa ametajwa.

Tulichofanya ni kushukuru kwa kutaja kazi: "Vyoo na karo vimesafishwa, vichujio vimetolewa nywele, mabafu yanapitisha maji vizuri." Aliyefanya anaisoma na kuitambua kazi yake, hasa ile ya vichujio ambayo huwa haionekani. Yule dada wa chumba 4 nilimwendea mwenyewe mlangoni kwake, nikamshukuru kwa mdomo. Alifurahi kuliko alivyofurahia jina lake kundini.

Karatasi ya visanduku vya kutia tiki iliyokuwa mlangoni niliiondoa pia. Kisanduku kitupu ni kidole kinachonyooshwa muhula mzima, hata baada ya mtu kulipa zamu yake. Mlangoni ikabaki karatasi yenye wiki hii na wiki ijayo tu, inayobadilishwa kila Jumapili. Kumbukumbu ya nani alikosa lini ikaingia kwenye daftari langu, na hapo ndipo ilipoanza kunifundisha. Zamu zilizolala nyingi zilikuwa za Jumapili asubuhi, na nyingi ya hizo ni za vyumba vyenye watu wa kwaya na wa ibada ya kwanza. Tukahamisha zamu ya Jumapili ikawa jioni, tatizo likapungua bila kumsema mtu. Kama kukosa kunafuata siku, saa au kazi fulani, ratiba ndiyo yenye kasoro. Kama kunamfuata mtu mmoja kokote unakompanga, hapo kuna mazungumzo ya kufanya.

Alikuwapo mmoja wa hivyo. Mara tatu zamu, mara tatu akajibu sawa dada, mara tatu hakutokea. Kwa mtu kama huyo ujumbe hautoshi, na sidai kwamba unatosha. Nilikwenda chumbani kwao jioni, nikakaa kitandani, mlango umefungwa, daftari nimeliacha kwangu. Nikamwambia tarehe tatu na nikamwambia kwamba mara zote tatu kazi ilifanywa na watu wengine wenye mitihani kama yeye. Hakunipa sababu yoyote. Nikamwambia ya nne nitaipeleka kwa matroni, na kwamba nitaipeleka kwa matroni peke yake. Alifanya ya nne. Ya tano hakufanya, nikapeleka. Floo haikujua, na hata leo haijui.

Kuna watakaosema nimemlinda mtu asiyestahili. Mimi naona niliilinda floo. Watu arobaini na nane wanaooga kwenye mabafu yaleyale na kupishana na kanga zao asubuhi hawahitaji kuwa na wa kumtazama kwa jicho la pembeni hadi mwisho wa mwaka. Na wanaotazamwa hivyo huhamisha maisha yao usiku, kama alivyofanya yule msichana wa chumba 9 baada ya karatasi yangu. Hata baada ya jina lake kuandikwa ofisini alikuwa akioga saa 6 usiku, anapita koridoni ameshika ukuta, na akisikia mlango anarudi ndani.

Nilimwomba radhi. Alisema ameshasamehe, ila bado alikuwa akiniita "dada mwakilishi", kwa heshima ya mbali. Zamu ya chumba 9 ilipokaribia nilimwandikia peke yake, kwa namba yake mwenyewe safari hii: "Zamu yenu ni Jumamosi. Mnaweza kufanya asubuhi kabla ya saa 3, au mkipenda alfajiri, maji yanakuwa mengi na korido haina watu. Ufunguo nitauacha juu ya fremu ya mlango wa stoo."

Hakujibu. Jumamosi ile niliamshwa na mkwaruzo wa brashi kwenye saruji, saa 11 hivi, giza bado. Kisha ndoo ikamwagwa, maji yakakimbia kuelekea kwenye kichujio, na brashi ikaanza tena kwenye choo cha pili. Nilibaki kitandani mpaka niliposikia stoo inafungwa na hatua zake zinarudi. Ndipo nikachukua simu nikaandika kundini: "Vyoo na mabafu vimesafishwa. Sakafu ya bafu la tatu bado imelowa, angalieni msiteleze."